Mashine za mpunga Ifakara: Namna ya kulipa pango na mishahara msimu unapokwisha

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

KUANZIA Mei hadi Agosti, mashine za kukoboa mpunga mjini Ifakara huwa na kazi kupita uwezo wake. Magunia hupangwa foleni nje, vibarua hulipwa kwa siku, na mwenye mashine hana sababu ya kuuliza fedha ya pango itatoka wapi. Ifikapo Desemba hali hugeuka. Wakulima wa Bonde la Kilombero wamo mashambani wakipanda, ghala za nyumbani zimepungua, na mashine huweza kukaa siku nzima bila kuguswa. Hata hivyo, mwenye nyumba hudai pango lake lile lile, na fundi na mlinzi hungojea mshahara mwisho wa mwezi.

Sababu ya hali hiyo ni kwamba sehemu kubwa ya mpunga wa bonde hili hutegemea mvua, hivyo huvunwa mara moja kwa mwaka. Mkulima mwenye deni la pembejeo au ada ya shule huuza mara tu baada ya kuvuna, na mpunga wake hukobolewa au kusafirishwa ndani ya wiki chache. Kwa kifupi, kazi ya mwaka mzima hukamilishwa kwa miezi minne.

Wamiliki wengi wanapotafuta kipato cha pili hutazama kwanza kile kinachobaki mashineni, yaani pumba na maganda. Hesabu yake huvutia, kwani gunia la kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 60 hadi 65 za mchele, na zinazobaki ni maganda na pumba. Tatizo ni wakati. Pumba hupatikana kwa wingi pale pale mpunga unapokobolewa kwa wingi, na kila mashine huwa nayo, hivyo bei hushuka. Kuihifadhi hadi Februari, wakati wafugaji wa kuku wanapoitafuta, ni vigumu, kwa kuwa pumba laini ina mafuta ambayo huanza kuchacha muda mfupi baada ya kukoboa. Pumba iliyochacha hutambulika kwa harufu kali, na kuku huikataa.

Maganda hayachachi, lakini wanunuzi wake wakubwa ni wachomaji wa matofali, ambao hufanya kazi wakati wa kiangazi. Mvua zinapoanza nao hupumzika. Kwa hiyo, pumba na maganda huongeza fedha katika miezi ambayo tayari ina fedha. Kipato kinachopanda na kushuka pamoja na mpunga hakiwezi kulipa pango la Januari.

Kuhamisha kazi badala ya kuongeza biashara

Njia inayoonekana kufaa zaidi kwa mwenye mashine aliye na nafasi ya ghala ni kupokea mpunga wa wateja na kuuhifadhi kwa ada, kisha kuukoboa mteja anapotaka kuuza. Mkulima hunufaika endapo bei itapanda kabla ya mavuno yajayo. Mwenye mashine hunufaika mara mbili: hupata ada ya kuhifadhi, na kazi ya kukoboa iliyokuwa ifanyike Julai husogea hadi Januari au Machi, wakati hana kazi nyingine.

Inafaa kuhifadhi mpunga wenyewe, si mchele. Ganda hulinda punje dhidi ya wadudu na unyevu, wakati mchele uliokobolewa hushambuliwa na fukusi upesi na kupoteza ubora.

Tuchukue mfano wa mashine moja ya kukodi. Takwimu hizi ni za kufikirika, na kila mmiliki anapaswa kuweka zake. Pango ni Sh 300,000 kwa mwezi, fundi wa mashine analipwa Sh 250,000, wasaidizi wawili Sh 160,000 kila mmoja, na mlinzi Sh 180,000. Jumla ni Sh 1,050,000 kila mwezi, mashine izunguke isizunguke.

Kati ya Desemba na Aprili, mashine hiyo hupata magunia 120 kwa mwezi. Baada ya kutoa umeme, mikanda na vipuri, kila gunia hubakiza Sh 3,500, sawa na Sh 420,000. Pengo ni Sh 630,000 kwa mwezi, au Sh 3,150,000 kwa miezi mitano. Hii ndiyo namba ya kwanza ambayo mmiliki anatakiwa kuijua, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ni magunia mangapi ayapokee.

Sasa tuchukulie kwamba hadi mwisho wa Julai amepokea magunia 500, kwa ada ya Sh 500 kwa gunia kwa mwezi kuanzia Agosti, inayolipwa mzigo unapotoka. Kila mwezi kuanzia Desemba hutoka magunia 100. Yale ya Desemba yamekaa miezi mitano, hivyo huleta ada ya Sh 250,000, na kukobolewa kwake huleta Sh 350,000 nyingine. Jumla ni Sh 600,000, yaani pungufu ya pengo kwa Sh 30,000 tu. Yale ya Aprili yamekaa miezi tisa na huleta Sh 800,000. Kwa miezi yote mitano, jumla ni Sh 3,500,000.

Pengo limezibika, lakini bado hatujatoa gharama za ghala. Vichanja vya mbao, dawa, kuziba matundu ya panya na kukarabati paa vinaweza kufika Sh 700,000 mwaka wa kwanza. Kinachobaki ni Sh 2,800,000, na upungufu ni Sh 350,000. Gharama hizo huja Juni na Julai, kwa hiyo zilipwe kwa fedha za msimu na si kusubiri Desemba. Mwaka wa pili vichanja vipo tayari, na upungufu hupungua.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba magunia hayo 500 yangeweza kukobolewa hapo hapo Julai. Ikiwa mashine ina foleni na wateja wengine huondoka kwenda kwa jirani, nafasi hiyo hujazwa na hakuna kinachopotea. Ikiwa haina foleni hata wakati wa mavuno, sehemu ya fedha ya Januari ni ile ile ya Julai iliyocheleweshwa.

Unyevu, mizani na maji

Kinachoua biashara hii mara nyingi ni mpunga ulioingia ghalani ukiwa mbichi. Unyevu unapaswa kuwa asilimia 14 au chini yake. Ukizidi, gunia hupata joto katikati, ukungu huota na mchele hutoka wa njano. Dalili ya mapema ni kuingiza mkono ndani ya gunia na kuhisi vuguvugu.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi. Chumvi kavu kabisa hutiwa kwenye chupa kavu pamoja na punje, kisha chupa hufungwa na kutikiswa. Ikiwa baada ya dakika chache chumvi imenata kwenye kuta za chupa, mzigo urudishwe kwenye turubai. Kuukataa mzigo wa mteja mmoja ni afadhali kuliko kuharibu rundo zima.

Ugomvi wa pili ni wa uzito. Kilo 100 za mpunga wenye unyevu wa asilimia 15 zikikauka hadi asilimia 13 hubaki kilo 97.7, hata kama hakuna punje iliyoibwa. Mteja asiyeelezwa hilo mapema atamshuku mlinzi. Kwa hiyo mzigo upokewe kwa kilo, si kwa gunia la kukadiria, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na karatasi ya makubaliano itaje uzito, aina ya mpunga, unyevu na kiasi cha upungufu kinachokubalika. Mpunga aina ya Supa usichanganywe na SARO 5, kwa sababu soko huvitofautisha kwa harufu na bei.

Tatu ni maji. Ifakara iko kwenye tambarare, na Mto Lumemo unapofurika maji huweza kufika kwenye makazi. Mvua za mwaka 2024 zilileta mafuriko katika Bonde la Kilombero. Magunia yapangwe juu ya vichanja, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite na panya waonekane, na ghala lenye alama ya maji ukutani lisitumike kabisa. Kupulizia gesi ya kuua wadudu ni kazi ya mtaalamu mwenye kibali, kwani gesi hiyo huua binadamu pia.

Aidha, karatasi anayoitoa mwenye mashine si stakabadhi ya ghala inayotambuliwa na Sheria ya mwaka 2005. Stakabadhi hiyo hutolewa na ghala lenye leseni, na ndiyo inayoweza kuwekwa dhamana benki. Mmiliki asiyaite makubaliano yake kwa jina hilo. Vile vile, asimkopeshe mkulima kwa riba dhidi ya mpunga wake, kwa kuwa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 biashara ya mikopo huhitaji leseni.

Mwaka ambao bei haipandi

Mpango huu hutegemea wateja wasubiri. Bei isipopanda, au ikipanda ghafla Oktoba, watakuja kuchukua magunia mapema, na Machi ghala litakuwa tupu. Kinga ya kwanza ni ada ya chini kabisa, kwa mfano ya miezi mitatu, hata kama mzigo umekaa wiki sita. Kinga ya pili ni kuchagua wateja wenye sababu tofauti za kusubiri: familia inayohifadhi chakula chake hutoa gunia moja moja, wakati mfanyabiashara hutoa yote kwa siku moja. Tangu Daraja la Magufuli katika Mto Kilombero lizinduliwe mwaka 2018, malori hayasubiri tena kivuko kwenda na kurudi Ulanga na Malinyi, hivyo mzigo wa mfanyabiashara huweza kuondoka wakati wowote.

Kinga ya tatu ni kinu kidogo cha kusaga mahindi, kinachoendeshwa kwa mota ile ile kwa kubadilisha mkanda. Mahindi hayana kishindo cha mavuno ya mpunga, kwani watu huleta debe moja moja, na zaidi katika miezi ambayo mchele umepanda bei. Katika mfano wetu, upungufu wa Sh 350,000 ni Sh 70,000 kwa mwezi. Kila debe likibakiza Sh 800, yanahitajika madebe 88, yaani takriban matatu kwa siku. Kinu kiwekwe chumba tofauti ili vumbi la mpunga lisiingie kwenye unga, na mota isiendeshe vyote viwili kwa wakati mmoja. Mtaa wenye mashine tatu za unga tayari hautatoa hata madebe hayo.

Mmiliki anayetaka kujaribu anaweza kuanza na magunia 100 ya wateja anaowafahamu kwa msimu mmoja, na kuandika kila mwezi yaliyotoka, ada iliyolipwa na kilo zilizopungua. Ikifika Aprili, daftari hilo litamwonyesha iwapo ghala lake ni kavu, iwapo wateja wake husubiri, na ni magunia mangapi yanatosha kulipa pango.