Harufu haina rangi: Tuyaeleze vipi manukato kwa Kiswahili?

Msomaji mmoja wa safu hii, ambaye huuza mafuta ya manukato kwa kipimo huko Bahati, Kaunti ya Nakuru, ameniuliza swali ambalo vitabu vyetu vya sarufi havijalishughulikia vya kutosha. Huwaandikia wateja wake maelezo mafupi ya kila chupa kabla hawajalipa. Maelezo ya watengenezaji huja kwa Kiingereza, naye huyatafsiri neno kwa neno. Chupa moja aliieleza hivi: "Ina harufu ya kijani, ya unga, ya moshi na ya mnyama." Mteja aliinunua, akairudisha kesho yake akitaka pesa zake. Unga gani, wa ugali?

Hebu tuanze na kijani. Kwetu hilo ni jina la rangi tu. Watengenezaji wa manukato hulitumia kwa harufu inayotoka jani linapokatwa au kupondwa. Jani likijeruhiwa, mafuta yaliyomo ndani yake huvunjika na kuzaa kemikali nyepesi zinazopeperuka upesi. Aliyewahi kuwakatia ng'ombe nepia asubuhi anaijua harufu hiyo. Kiswahili kina neno lake, nalo ni 'bichi', ila lisisimame peke yake. Ukiandika 'harufu mbichi', msomaji anaweza kufikiria nyama au samaki. Andika 'harufu ya majani mabichi'.

Unga nao una historia. Poda za uso zilizoea kutiwa harufu ya maua ya urujuani na mizizi ya airisi iliyokaushwa, harufu laini, kavu, yenye utamu wa mbali. Kinachotajwa basi ni poda, si kile kinachotoka kwenye kinu cha posho. Mama yeyote aliyempaka mtoto poda baada ya kumwogesha atakuwa karibu kabisa na maana.

Kuhusu moshi, uliza ni wa nini. Mtu wa Bonde la Ufa aliyekunywa mursik anajua moshi wa kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, wenye uchungu kidogo. Mtu wa Lamu atawaza chetezo na udi. Hizo ni harufu mbili mbalimbali, na bei zake pia hazilingani.

Penye utata mkubwa ni mnyama. Kinachokusudiwa aghalabu ni harufu kama ya zabadi, yaani ute wa tezi za ngawa, ambao Ethiopia imeuuza nje kwa muda mrefu. Zabadi tupu hukirihi, maanake inakaribia kinyesi. Ikizimuliwa sana hugeuka joto fulani la ngozi linaloyafanya maua yaliyochanganywa nayo yadumu. Siku hizi nyingi hutengenezwa maabarani, kwa hivyo huenda chupa ile haikuwa na chochote cha mnyama.

Hapa sarufi yetu inatutega. Kitenzi 'nuka' kwa kawaida hushutumu. Ukikitia kauli ya kutendea, 'nukia', kinasifu. Mwandishi akisema mafuta "yananuka zabadi" ametukana bidhaa. Akisema "yananukia zabadi" ameficha ule ukali ambao mnunuzi ana haki ya kuujua. Njia ya kati tunayo tangu jadi, maadamu Mswahili husikia harufu. 'Utasikia zabadi' haisifu wala haishutumu.

Kuna lugha zisizolazimika kutaja chanzo hivi. Mwaka wa 2014 watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha kuwa Wajahai wa Rasi ya Malay wana vitenzi maalumu vya harufu. Kimoja hutumika kwa petroli, moshi na kinyesi cha popo kwa pamoja. Sisi tuna machache ya namna hiyo, kama vile shombo, vumba na kikwapa, na karibu yote ni ya kulalamika. Kwa hivyo mhakiki wa manukato hana budi kutaja kitu, na akitaje kwa mpangilio wa wakati, kwa sababu harufu hazitoki zote kwa pamoja. Chupa ile ningeieleza hivi:

"Mwanzoni utasikia majani mabichi, kama nyasi zilizofyekwa sasa hivi. Baada ya dakika 20 hivi majani hufifia, ikabaki poda laini ya uso. Jioni, nguoni husalia moshi mwembamba wa udi na joto la ngozi, kama zabadi kidogo."

Neno la mwisho litaeleweka Mombasa kuliko Bahati. Kwa mteja wa Bahati ningelibadilisha: "kama ubavu wa ng'ombe aliyeota jua, bila samadi." Si maneno ya kuvutia dukani, lakini asiyependa harufu hiyo ataiacha chupa rafuni kabla ya kulipa.