Ankara Moja, Kodi Tatu

Ujerumani hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa viwango viwili. Vyakula vingi hutozwa asilimia 7, ilhali sabuni, soda na sharubati hutozwa asilimia 19. Mwenye duka la vyakula vya Kiafrika mjini Hamburg akiagiza mzigo kwa muuzaji wa jumla, ankara moja hubeba viwango vyote viwili. Hapo watu wawili waaminifu, wakitumia bei zilezile na viwango vilevile, wanaweza kupata kodi zisizolingana, na kila mmoja akaapa kwamba hesabu yake ni sahihi.

Chanzo ni senti. Asilimia 7 ya euro 12.65 ni euro 0.8855, na hakuna anayeweza kulipa sehemu ya senti. Lazima tukadirie hadi senti iliyo karibu: tarakimu ya tatu baada ya nukta ikiwa 5 au zaidi, senti inapanda, ikiwa chini ya 5, inabaki ilipo. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye wakati wa kukadiria: tukadirie kila mstari wa ankara, au tusubiri hadi jumla?

Tuchukue ankara ya mistari sita, tuipige hesabu yote.

| Bidhaa | Thamani kabla ya kodi | Kiwango | Kodi kamili | Kodi iliyokadiriwa |
|---|---|---|---|---|
| Unga wa mahindi | 12.65 | 7% | 0.8855 | 0.89 |
| Maharage | 8.79 | 7% | 0.6153 | 0.62 |
| Mchele | 23.65 | 7% | 1.6555 | 1.66 |
| Soda | 14.45 | 19% | 2.7455 | 2.75 |
| Sharubati | 9.45 | 19% | 1.7955 | 1.80 |
| Sabuni | 6.24 | 19% | 1.1856 | 1.19 |

Anayekadiria kila mstari anajumlisha safu ya mwisho na kupata kodi ya euro 8.91.

Mwingine anakusanya kwanza thamani za kila kiwango. Vyakula vitatu ni euro 45.09, na asilimia 7 yake ni 3.1563, yaani 3.16. Bidhaa tatu zilizobaki ni euro 30.14, na asilimia 19 yake ni 5.7266, yaani 5.73. Kodi yake ni euro 8.89.

Wa tatu anasema hata hapo tumekadiria mapema mno. Anazibeba desimali zote hadi mwisho, anajumlisha 3.1563 na 5.7266, anapata 8.8829, ndipo anakadiria mara moja tu. Kodi yake ni euro 8.88.

Bidhaa ni zilezile, bei ni zilezile, na kodi ni tatu. Mtu angedhani wa tatu ndiye bora, kwa kuwa amekadiria mara chache kuliko wenzake na hesabu yake iko karibu zaidi na kodi halisi. Kama ankara ingekuwa na kiwango kimoja tu, njia yake na ya mwenzake wa pili zingekuwa kitu kimoja. Lakini viwango vikichanganyika, njia hiyo haifai. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka ankara ioneshe thamani inayotozwa kwa kila kiwango, pamoja na kiwango chenyewe na kodi inayolipwa. Kwa hiyo ni lazima aandike 3.16 kwa asilimia 7 na 5.73 kwa asilimia 19. Msomaji akijumlisha namba hizo mbili anapata 8.89, huku chini ya ankara pameandikwa 8.88. Ankara inajipinga yenyewe, na mhasibu wa mnunuzi hana namna ya kuiingiza vitabuni bila kubuni senti moja.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo mijadala mingi ya kukadiria hulipita. Swali huulizwa kana kwamba kuna mstari na kuna jumla, basi. Ankara yenye viwango viwili ina jumla mbili, na jumla inayostahili kukadiriwa ni ya kila kiwango. Jumla kuu ya kodi haikadiriwi kabisa; inajumlishwa tu kutoka kwenye namba ambazo tayari ni senti kamili.

Wataalamu walioandika kiwango cha Ulaya cha ankara za kielektroniki, kinachoitwa EN 16931, walichagua njia hiyo. Katika ankara ya aina hiyo kila mstari una thamani kabla ya kodi, ambayo huwa imekadiriwa hadi senti, na una kiwango cha kodi. Hauna nafasi ya kuandika kiasi cha kodi cha mstari. Kodi huonekana mara ya kwanza kwenye muhtasari wa viwango, ambapo thamani ya kiwango huzidishwa kwa asilimia yake na kukadiriwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta. Programu inayokagua ankara ikikuta jumla ya kodi hailingani na kodi za viwango zikijumlishwa, inatoa kosa lenye alama `BR-CO-14`. Ankara ya yule mtu wa tatu ingeangukia hapo. Tangu tarehe 1 Januari 2025 biashara za Ujerumani zinatakiwa ziwe na uwezo wa kupokea ankara za kielektroniki kutoka kwa biashara nyingine za humo nchini, kwa hiyo senti ambayo zamani mhasibu aliisamehe kwa kalamu sasa hukutana na kompyuta isiyosamehe.

Je, njia ya mstari kwa mstari ni makosa? Hapana, si kila mahali. Mnamo tarehe 10 Julai 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya kampuni ya Ahold ya Uholanzi, yenye maduka makubwa ya Albert Heijn. Bei za dukani huko tayari zina kodi ndani yake, kwa hiyo mteja halipi zaidi wala pungufu. Kinachobadilika ni sehemu ya bei inayokwenda serikalini. Ahold ilitaka kukadiria kodi ya kila bidhaa, tena kwa kushusha kila mara. Kwenye pakiti moja ni sehemu ya senti, lakini pakiti za duka kubwa hazihesabiki. Mahakama ilisema sheria ya Ulaya haikuweka njia maalumu ya kukadiria, kwamba kila nchi itajiamulia mradi iheshimu misingi ya kodi hiyo, na kwamba nchi hailazimiki kumruhusu mfanyabiashara kushusha bidhaa kwa bidhaa. Mwaka uliofuata ilirudia msimamo huo katika kesi ya kampuni ya baa ya Uingereza, J D Wetherspoon.

Kwa Kenya na Tanzania tatizo lina sura nyepesi kidogo. Ankara ya Kenya kwa kawaida huchanganya bidhaa za asilimia 16 na zile za kiwango sifuri au zenye msamaha. Asilimia sifuri ya kitu chochote ni sifuri, haina cha kukadiria. Kwa hiyo njia ya pili na ya tatu hutoa jibu moja, na tofauti hubaki kati ya mstari na jumla peke yake. Anayeuza Ulaya, au anayefungua duka huko, ndiye anayekutana na viwango viwili vinavyotoza kitu.

Sasa tuangalie madhara, maana senti mbili katika ankara ya euro 75.23 hazimfilisi mtu. Kila mstari unaokadiriwa unaweza kukosea kwa nusu senti, si zaidi. Mistari sita inaweza kukosea kwa senti tatu, na mistari 200 kwa euro moja. Kwa kawaida inayopanda na inayoshuka hufutana. Haifutani pale bidhaa ileile inapojirudia. Kitu cha euro 0.79 chenye kodi ya asilimia 7 kina kodi kamili ya 0.0553, nayo hukadiriwa kuwa 0.06. Kila mauzo yanaongeza 0.0047, daima kwa upande uleule. Kikiuzwa mara 1,000, kila kimoja kwa mstari wake, kodi inazidi kwa euro 4.70. Ukikadiria kwa kiwango, kosa haliwezi kuzidi nusu senti kwa kila kiwango, hata mistari ikiwa elfu.

Madhara mengine hutokea bidhaa zinaporudishwa. Muuzaji aliyetoza vyakula kwa njia ya kiwango alichukua kodi ya 3.16. Mnunuzi akirudisha unga leo, maharage kesho na mchele wiki ijayo, zikaandikwa hati tatu za marejesho, kila moja itakadiriwa peke yake: 0.89, 0.62 na 1.66. Jumla ni 3.17. Muuzaji amerudisha kodi kubwa kuliko aliyotoza. Dawa ni kukokotoa upya kodi ya bidhaa zilizobaki kwa mnunuzi, kisha kurudisha tofauti. Hati ya mwisho, ya mchele, itabeba kodi yote iliyosalia, yaani 1.66.

Punguzo la ankara nzima nalo lina mtego wake. Muuzaji akipunguza euro 5, hawezi kuziondoa chini kabisa ya ankara, kwa sababu hatajua amepunguza thamani ya kiwango kipi. Anazigawa kwanza kwa uwiano: vyakula vinachukua 2.9968, yaani euro 3.00. Sehemu ya pili aipate kwa kutoa, 5.00 ondoa 3.00, asiikadirie yenyewe. Hapa majibu yangelingana kwa vyovyote, lakini kwa namba nyingine sehemu mbili zilizokadiriwa kila moja peke yake zinaweza kujumlika kuwa 5.01. Baada ya hapo ndipo kodi inapigwa upya kwa kila kiwango.

Mhasibu anayepokea ankara isiyolingana na hesabu yake atajuaje kama tatizo ni kukadiria au ni kosa la kweli? Ahesabu mistari. Tofauti isiyofika nusu senti kwa kila mstari inaweza kutokana na kukadiria. Kwa ankara yetu mwisho ni senti tatu, kwa hiyo 8.91 inaelezeka. Lakini kama muuzaji angetoza sharubati kwa asilimia 7 badala ya 19, kodi ya mstari huo ingekuwa 0.66 badala ya 1.80, pungufu ya euro 1.14. Hakuna ukadiriaji unaoweza kuzaa pengo hilo kwenye mistari sita, na ankara hiyo irudishwe kwa muuzaji.

Unaponunua programu ya ankara, au unapoanza kufanya biashara na mteja wa Ulaya, uliza swali moja na ulipate jibu kwa maandishi: kodi inakadiriwa kwa mstari au kwa kiwango? Kisha njia hiyohiyo itumike kwenye ankara, kwenye hati za marejesho na kwenye vitabu, na isibadilishwe katikati ya mwaka.