Sufuri za Mbele, Tarehe na Mikato: Kuhifadhi Jedwali kama Faili la CSV

Faili la CSV ni maandishi matupu. Kila mstari wa jedwali huwa mstari mmoja wa maandishi, na kilichomo katika seli moja hutengwa na cha seli inayofuata kwa mkato. Rangi hazimo, fomula hazimo, wala hakuna mahali panapoonyesha kwamba hii ni namba na ile ni tarehe. Chama cha akiba na mikopo kinachopeleka orodha ya wanachama kwenye mfumo mwingine kitatoa faili la namna hii:

```
namba,kuzaliwa,anwani,akiba
00472,1988-03-04,"Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi",150000
```

Mstari huo wa pili umekaa sawa. Namba ya mwanachama ina sufuri zake mbili, tarehe haina utata, na mkato uliomo ndani ya anwani umezungushiwa alama za kunukuu ili usidhaniwe kuwa mpaka wa seli. Kuufikisha hapo ukiwa salama kunategemea zaidi yale yaliyofanyika kabla ya kuhifadhi.

Sufuri za mbele hupotea mapema kuliko watu wanavyodhani. Mtu anapoandika 00472 kwenye seli ya kawaida ya Excel, programu inaona namba, na kwa namba sufuri za mbele hazina thamani, kwa hiyo inabaki 472. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sufuri yake kwa njia hiyo hiyo. Jedwali likihifadhiwa kama CSV baadaye, lawama huangukia CSV, ilhali kosa lilitokea wakati wa kuandika. Dawa ni kuchagua safu wima nzima ikiwa bado tupu, kubonyeza Ctrl+1, kisha kuchagua `Text` kwenye dirisha la `Format Cells`. Kinachoandikwa baada ya hapo hukaa kilivyo. Dalili ya kutazama ni upande: katika seli ambazo hazijapangiwa upande, maandishi huegemea kushoto na namba huegemea kulia.

Kama sufuri zimekwisha kupotea, kuigeuza safu kuwa `Text` hakuzirudishi. Hapo hutumika safu mpya yenye fomula hii:

```
=TEXT(A2,"00000")
```

Fomula hiyo hujaza sufuri hadi zitimie tarakimu tano. Inafaa pale tu ambapo namba zote zilikuwa na urefu mmoja. Ikiwa baadhi zilikuwa na tarakimu nne na nyingine tano, hakuna fomula inayoweza kujua kama 472 ilikuwa 0472 au 00472. Inabidi kurudi kwenye daftari au fomu za awali.

Namba ndefu zina balaa kubwa zaidi. Namba ya Kitambulisho cha Taifa nchini Tanzania ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ikiandikwa mfululizo bila vistari, kwenye seli isiyo ya maandishi, tarakimu tano za mwisho hugeuka sufuri, na seli huonyesha kitu kama 1.98803E+19. Hicho hicho ndicho kitakachoandikwa kwenye CSV. Tarakimu zilizopotea hapo hazirudi kwa ufundi wowote.

Tarehe zina tabia tofauti. Ndani ya Excel, tarehe ni hesabu ya siku zinazoanzia Januari 1, 1900. Kwa hiyo Machi 4, 1988 hutunzwa kama 32206, na kinachoonekana kwenye seli ni vazi tu. Wakati wa kuhifadhi CSV, Excel huandika vazi hilo. Seli ikionyesha 04/03/1988, hivyo ndivyo faili litakavyosema, na mpokeaji hatajua kama ni Machi 4 au Aprili 3. Kwa sababu hiyo safu ya tarehe hupewa muundo wa `yyyy-mm-dd` kupitia `Custom` kwenye dirisha lile lile la `Format Cells`, kabla ya kuhifadhi. Kuigeuza kuwa `Text` ni kosa: tarehe zilizokwisha kuandikwa zitageuka 32206 na wenzake.

Kabla ya kubadili muundo inafaa kutazama kama tarehe zote kweli ni tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani hutanguliza mwezi. Karani akiandika 25/03/1988, kompyuta hiyo haipati mwezi wa 25, inaiacha kama maandishi upande wa kushoto. Akiandika 04/03/1988, inaipokea bila kelele kuwa Aprili 3 na kuiweka kulia. Safu ambayo nusu yake imeegemea kushoto na nusu kulia ina tarehe zilizogeuzwa, na zilizo mbaya ni zile zinazoonekana nzuri.

Mkato ndani ya maandishi ndio unaoogopwa sana, lakini Excel huushughulikia yenyewe kwa kuizungushia seli hiyo alama za kunukuu. Shida huja mtu anapolirekebisha faili kwa mkono na kufuta alama hizo: mstari huo hupata seli moja zaidi, na kila kilicho mbele yake husogea. Mkato wa kutenga maelfu nao uondolewe kwenye safu ya fedha, kwani 150,000 huandikwa ndani ya alama za kunukuu na mifumo mingine hukataa kuisoma kama namba. Kwenye kompyuta zilizopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Kongo na Burundi, Excel hutenga seli kwa nukta mkato, na mpokeaji anahitaji kuambiwa hivyo.

Kuhifadhi kwenyewe ni kazi fupi. Jedwali huhifadhiwa kwanza kama faili la kawaida la Excel, maana CSV hubeba ukurasa mmoja tu ulio wazi na matokeo ya fomula bila fomula zenyewe. Kisha kwa `Save As` huchaguliwa `CSV UTF-8 (Comma delimited) (*.csv)`. Anayetumia LibreOffice ahakikishe `Save cell content as shown` imewekewa tiki, la sivyo sufuri zilizowekwa kwa muundo wa seli hazitaandikwa.

Baada ya hapo ndipo mtego wenyewe ulipo. Mtu huhifadhi faili vizuri, halafu hulibonyeza mara mbili alihakiki. Excel hulisoma upya, hudhani 00472 ni namba na kuonyesha 472, na tarehe huzivisha vazi la kompyuta hiyo. Mpaka hapo faili lililo kwenye diski bado ni zima. Likifungwa bila kuhifadhiwa, hakuna kilichoharibika; likihifadhiwa tena, sufuri zimekwenda kweli.

Uhakiki hufanywa kwa Notepad, inayoonyesha maandishi yalivyo bila kubahatisha. Anayelazimika kulifungua CSV ndani ya Excel hupitia `Data`, kisha `From Text/CSV`, na kuchagua `Do not detect data types`. Mpokeaji akilalamika kwamba sufuri hazipo, aulizwe kwanza amelifungua kwa programu gani.