Neno la Nyayo za Mama: Namna ya Kuifuatilia Kauli Tuikumbukayo Nusu

Msomaji wetu mmoja ametuletea suala ambalo tumeona linastahiki kujibiwa kwa urefu. Anaandaa kadi za hitima ya mamake, na juu yake angependa kuandika ile kauli maarufu ya kwamba Pepo imo chini ya nyayo za mama, kisha chini aandike kuwa ni Hadithi ya Mtume (S.A.W.). Linalomzuia ni kumbukumbu moja. Miaka mingi iliyopita alimsikia maalimu akiitaja kauli hiyo pamoja na kisa cha mtu aliyetaka kutoka kwenda vitani, akarudishwa nyumbani. Kitabu hakikumbuki, mpokezi hamjui, wala Kiarabu chake hana. Alicho nacho ni maneno matatu: Pepo, nyayo, mama.

Suala lake si dogo. Kumnasibishia Mtume (S.A.W.) neno ni jambo lenye uzito wake, na kadi mia mbili zikishagawanywa mtaani hazikusanyiki tena.

Kabla ya kuishika simu, twamshauri achukue karatasi na kalamu. Kumbukumbu ya mwanadamu huhifadhi picha vizuri kuliko lafudhi. Tunachoweza kukiamini hapa ni picha: Pepo, mguu na mama. Lafudhi yenyewe huenda imebadilika njiani, kwani mfasiri mmoja atasema nyayo na mwengine miguu; mmoja atasema mama, mwengine akina mama, na asili yenyewe huenda ilisema «yake» tu bila kumtaja mama mara ya pili. Basi aandike upande mmoja yale yasiyobadilika, na upande wa pili yale yanayoweza kuvaa nguo nyengine. Kile kisa cha mtu wa vitani, ambacho msomaji amekitaja kama jambo la pembeni, sisi twakiona ndicho ufunguo bora kuliko yote. Kauli yenyewe imenakiliwa na kila mtu. Kisa kinanakiliwa na wachache, na hao wachache aghalabu ni wale waliokifungua kitabu.

Utafutaji wa kwanza ni wa Kiswahili, na alama za kunukuu ziwepo:

```
"chini ya nyayo za mama"
```

Alama hizo zinaiambia Google ilete kurasa zenye maneno hayo kwa mpangilio huo huo. Bila hizo hutafuta maneno yanayokaribiana, na mara nyengine huliacha neno moja kimyakimya; chini ya jibu utaona limeandikwa «Missing», kisha neno lililoachwa likiwa limepigwa mstari. Anayeusoma mstari huo mdogo hujiokolea muda mwingi, kwa sababu ukurasa ulioliacha neno lako kuu huwa si ukurasa unaoutafuta.

Majibu ya Kiswahili yatakuja: salamu, mashairi ya kina mama, picha zenye maua. Karibu yote husema «Mtume amesema» kisha husita hapo. Wingi huu usimtie mtu moyo wala usimtishe. Kurasa mia zilizonakili kutoka kwa ukurasa mmoja ni shahidi mmoja tu, na dalili ya kunakiliana ni kuwa zote zina makosa yale yale ya tahajia na zote hazina jina la kitabu. Tukishaiona dalili hiyo, tunaiacha njia hii na kwenda kwenye hazina zilizopangwa kwa vitabu.

Hazina ya kwanza ni sunnah.com, ambayo imeweka Kiarabu na Kiingereza cha vitabu mashuhuri vya Hadithi ubavu kwa ubavu. Kwa kuwa Kiswahili hakimo humo, tunalazimika kuzitafsiri zile picha tatu. Hapa alama za kunukuu tuzifunge kwenye neno moja moja, si kwenye sentensi nzima, kwani hatujui mfasiri wa Kiingereza alichagua mpangilio gani:

```
site:sunnah.com "paradise" "feet" mother
```

Neno la mwanzo, lile lenye nukta mbili, huifungia Google ndani ya tovuti hiyo peke yake. Miongoni mwa kurasa zitakazoletwa, unaotuhusu ni huu:

```
sunnah.com/nasai:3104
```

Tuufungue, tusitosheke na ile mistari miwili inayoonyeshwa nje, kwani mistari hiyo hukatwa popote na pengine huunganisha maneno ya Hadithi mbili. Ndani tunakuta Sunan ya Imamu an-Nasai, Kitabu cha Jihadi, katika mlango unaohusu ruhusa ya kubaki nyumbani kwa mtu mwenye mama. Mpokezi ni Muawiya bin Jahima as-Sulami. Babake, Jahima, alimjia Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri kwa kuwa amekusudia kutoka kwenda kupigana. Akaulizwa kama ana mama. Akajibu kuwa anaye. Akaamrishwa ashikamane naye, kwani Pepo i chini ya miguu yake. Kisa cha maalimu kimepatikana, na mtu wa vitani ana jina.

Wengi wangefunga simu hapo. Lakini iliyobaki ndiyo kazi yenye faida zaidi. Tukiutazama Kiarabu cha ukurasa huo, tunaona kuwa neno lake silo lile linalosikika katika mimbari na kuonekana katika picha za maua. Lile la mdomoni lina «aqdam», yaani nyayo, na «ummahat», yaani kina mama wote. La an-Nasai lina «rijlayha», miguu yake miwili, na linamhusu mama wa mtu mmoja. Kauli mbili basi, na kila moja itafutwe peke yake:

```
"الجنة تحت أقدام الأمهات"
"الجنة تحت رجليها"
```

Asiye na herufi za Kiarabu kwenye simu anaweza kulikandamiza neno katika ukurasa wa sunnah.com mpaka litiwe rangi, kisha alinakili. Ni bora kuondoa irabu, na kuchukua maneno matatu au manne tu. Tena akumbuke kuwa Kiarabu huambatanisha: «rijlayha» ni neno moja lenye mguu, uwili na «yake» ndani yake, hivyo anayetafuta mguu peke yake katika alama za kunukuu hatalipata. Kama «أقدام» haileti kitu, ajaribu bila hamza, «اقدام», kwani waandishi wengi huiacha.

Mahali pa kuyapeleka maneno haya ni dorar.net, penye mkusanyiko mkubwa wa Hadithi na hukumu za wanazuoni. Kila jibu hapo huja na mistari mitano chini yake: mpokezi, mwanazuoni aliyeihukumu, kitabu, ukurasa au nambari, na mwisho muhtasari wa hukumu. Macho ya mwenye haraka hukimbilia ule wa mwisho. Sisi twapendekeza usomwe kwanza wa pili na wa tatu, kwa sababu hukumu ni ya mwanazuoni fulani juu ya njia fulani ya mapokezi, na Hadithi moja yaweza kuwa na hukumu zaidi ya moja.

Ukisoma hivyo, picha huwa wazi. Kauli ya «aqdam» ina njia ya Anas bin Malik ambayo ndani yake wamo wapokezi wasiojulikana, na wanazuoni wameidhoofisha. Ina pia njia inayonasibishwa kwa Ibn Abbas yenye nyongeza ya kuwa kina mama humtia Peponi wamtakaye na kumtoa wamtakaye. Hiyo al-Albani ameihukumu kuwa ni ya kutungwa, katika mkusanyiko wake wa Hadithi dhaifu, nambari 593, na papo hapo akataja kuwa Hadithi ya Muawiya bin Jahima yatutosheleza. Hii ya Muawiya al-Haakim aliihesabu sahihi na adh-Dhahabi akamkubalia. Imo pia katika Sunan ya Ibn Majah, nambari 2781, kwa kisa kirefu zaidi ambacho Muawiya mwenyewe ndiye anayerudi na ombi lake mara ya tatu.

Ile nyongeza si jambo la kupita hivi hivi. Tumezisikia nyumba ambamo maneno ya kutoa na kutia Peponi hutumiwa kama fimbo, mkwe akimwambia mke wa mwanawe, au mzazi akimtisha kijana aliyechagua asipopataka. Kauli iliyothibiti inaelekea upande mwengine: inamwamrisha mtoto akae na mamake amhudumie, na haikumpa mzazi funguo za kumfungia mtu mlango.

Kwa msomaji wetu, basi, kadi iandikwe kwa maana ya lafudhi ya an-Nasai, na chini yake yawekwe jina la kitabu, Kitabu cha Jihadi, mpokezi Muawiya bin Jahima, kisha nambari 3104. Nambari peke yake haitoshi, kwa kuwa chapa hutofautiana katika kuhesabu. Jina la mlango na la mpokezi ndiyo yatakayomfikisha mwengine hata kama kitabu chake ni cha chapa ya kale. Kabla ya kwenda kwa mchapishaji, amwonyeshe maalimu kurasa mbili alizozikuta, ile ya an-Nasai na ile ya dorar.net. Maalimu atajibu haraka zaidi akiwekewa mbele mpokezi na kitabu kuliko akiulizwa tu, «Hii ni kweli?»

Njia hii ina mipaka yake. Kauli isiyopatikana katika hazina hizi yaweza kuwa neno la Sahaba, au la mwanazuoni wa baadaye, au methali ya Kiarabu iliyovishwa kilemba. Kwa hayo kuna vitabu vilivyoandikwa makusudi juu ya maneno yaliyoenea katika ndimi za watu. Kimojawapo ni al-Maqasid al-Hasana cha as-Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 wa Hijra. Jina la kitabu hicho likiongezwa kwenye utafutaji wa Kiarabu pamoja na maneno mawili ya kauli yako, mara nyingi hufungua mlango uliokuwa umefungwa.

Anayetaka kujizoeza aanze na ile kauli ya usafi na imani, iliyopakwa rangi kwenye kuta za madrasa nyingi. Aitafute kwa neno «النظافة» asome hukumu zake, kisha abadilishe neno hilo moja aweke «الطهور», na aangalie ni kitabu gani kitamfungukia: ni Sahihi ya Muslim, mwanzo kabisa wa Kitabu cha Twahara, nambari 223, kwa mapokezi ya Abu Malik al-Ashari.