Kila mutu na ufunguo wake: mambo tuliyojifunza mu sanduku letu la Sakania

Mutu yeyote aliyefanya kazi kwenye makina ya mine anajua kadena. Kabla ya kuingia chini ya mukanda unaobeba mawe, fundi anakata umeme, anatia kadena yake kwenye kabati, na ufunguo unakaa mufukoni mwake. Wakiwa mafundi watano, kadena ni tano. Hakuna anayeazima mwenzake ufunguo, na shefu hafungui kadena ya mutu aliye ndani. Tunafuata sheria hiyo juu ya maisha yetu. Lakini mu biro, mbele ya ordinatere, sisi wenyewe tulikuwa tunafanya kinyume chake, na tulilipia.

Sanduku letu la kusaidiana lilianza hapa Sakania na watu 38. Lilikuwa na buku moja, ordinatere moja na modipase moja iliyoandikwa kwenye karatasi nyuma ya kalenda. Tulijuana wote. Kiisha watumikaji wa sutretansi wakaingia, pamoja na wajane na wazee wa pansioni. Tukafika memba 412. Biro ikawa na watu tisa, lakini konti ya "biro" ikabaki ile ile, na modipase ile ile.

Siku moja mama mujane akaja kuchukua musaada wa kilio. Tresorie akaangalia, akakuta sanduku limepungua. Tulipofuatilia, tuliona malipo matatu ya faranga 120.000, jumla faranga 360.000, yaliyotumwa kwa simu kwa memba ambaye hakuna delege aliyemujua. Nani alimwandika? Ordinatere ilijibu: "biro". Nani alimulipa? "Biro". Na biro ni watu tisa.

Watu wakamunyooshea kijana wa kesi kidole, akasimamishwa kazi majuma mawili. Sisi, watu wa sendika, tunaopiga kelele kila siku kwamba mutumikaji asifukuzwe bila ushahidi, tulimufukuza wetu bila ushahidi. Akatuambia: "Mukinishitaki, mulete jina yangu mu ile makina. Haiko." Alikuwa na haki. Hatukuweza kumushitaki, na yeye hakuweza kujisafisha. Hiyo ndiyo hasara ya konti ya pamoja: inamuficha mwizi, na inamuacha mutu safi bila kinga. Pesa hazikurudi mpaka leo.

Tukaanza upya. Kwanza, konti moja kwa mutu mumoja, kwa jina lake, na modipase ambayo hata shefu haijui.

Pili, tuligawa kazi. Zamani kila mutu wa biro aliweza kufanya yote. Sasa tuliuliza swali moja tu: mutu huyu, ili amalize kazi yake ya leo, anahitaji kugusa nini? Kile kisichohitajika tukakiondoa. Tukapata viti vinne. Mwandikaji anaingiza memba na kusahihisha habari zake. Muhakiki anakubali au anakataa yale mwandikaji aliyoandika. Mulipaji anatuma pesa kwa memba aliyekwisha kukubaliwa. Delege anasoma tu, na anasoma watu wa chantie yake peke yake. Anayefungua konti za wengine hana haki ya kulipa hata faranga moja.

Sheria ya viti hivyo ni fupi: mutu mumoja asikalie kiti cha kuandika na kiti cha kulipa. Akivikalia vyote viwili, anaweza kuzaa memba wa uongo asubuhi na kumulipa saa sita. Tena tulitengeneza viti kufuata kazi, si kufuata watu. Ukimupa kila mutu kiti cha peke yake, juu ya vile anavyopenda, utakuwa na viti tisa kwa watu tisa, na hakuna atakayejua tena nani anaweza nini.

Hapo tulikosea mara moja. Tulidhani kubadilisha namba ya simu ni kazi ndogo, tukamuachia mwandikaji peke yake. Kumbe pesa zetu zinapita kwa simu. Anayebadilisha namba ya memba usiku wa kuamkia malipo amebadilisha mufuko pesa zinamoingia, hata kama haruhusiwi kulipa. Sasa namba mupya haitumiki mpaka muhakiki amupigie memba kwenye namba ya zamani, au memba aje mwenyewe na karata yake.

Tatu, na hiyo ndiyo iliyotushangaza, tuliwauliza wakubwa konti ni ngapi. Wote wakasema tisa. Tukachapisha lisiti kutoka ndani ya ordinatere: konti 17. Tisa zilikuwa za watu waliopo. Tatu zilikuwa za watu waliokwenda zamani, mumoja wao alikuwa amehamia Kasumbalesa. Mbili zilikuwa za pamoja. Mbili ziliachwa na fundi aliyeweka programu, na moja ilikuwa ya mutu aliyeandikwa mara mbili. Konti nane zilikuwa milango wazi. Na kati ya zile tisa, sekretere aliyehamishwa kutoka kuandika kwenda kulipa alikuwa bado na haki zote mbili. Hakuiba kitu. Tulimupa mupya, tukasahau kuondoa ya zamani.

Jambo hilo halipati masikini tu. Mwaka 2008 benki Société Générale ya Ufaransa ilitangaza hasara ya karibu miliari 4,9 za ero juu ya kazi za Jérôme Kerviel. Kabla ya kuwa muuzaji, alikuwa amefanya kazi upande wa wanaofuatilia shughuli za wauzaji, akajua kontrole inapita wapi. Mutu anayehama ndani ya nyumba anabeba ujuzi wake, na ujuzi hatuwezi kumunyanganya. Basi angalau haki za zamani zisimufuate.

Sasa kila miezi mitatu tunaweka karatasi mbili mezani: lisiti ya konti kutoka ordinatere, na lisiti ya watumikaji kutoka kwa anayeshika kontra. Jina lililo upande mumoja tu, tunasimama hapo. Kwa kila jina, shefu wake anaandika: ibaki, ipunguzwe, au ifungwe. Hakuna anayetia saini kwenye musitari wake mwenyewe. Konti isiyofunguliwa kwa siku 90 inafungwa. Kiisha juma moja tunachapisha tena, kwa sababu "ifungwe" kwenye karatasi si kufunga.

Kosa linaloua kazi hii ni saini ya haraka. Shefu anapewa majina 40, anaandika "ibaki" chini hadi mwisho kwa dakika tano. Utalitambua hivi: kama watu wamehama na wengine wameacha kazi, lakini kontrole mbili zimepita bila kuondoa kitu, hakuna aliyesoma. Dawa yetu ni kumuandikia shefu mbele ya kila jina kile mutu anachoweza kufanya, kwa maneno ya kawaida: "anaweza kutuma pesa". Hapo anashituka na kusoma.

Haya yote hayazuii mwandikaji, muhakiki na mulipaji wakipatana pamoja. Kwa hiyo buku la malipo linasomwa mbele ya memba wote kila mwisho wa muhula. Na mulipaji akiugua, mwenzake anapewa haki kwa tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ikiisha, inajifunga yenyewe.

Kijana wa kesi alirudi kazini. Sasa ana konti yenye jina lake, na yeye ndiye anayegombana zaidi na mutu akimuomba modipase. "Hii ni kadena yangu," anasema, "na mi niko ndani."