Mguu wa Nyuma Hutangulia

Mpe mtoto wa darasa la tatu kadi sita za maisha ya chura, zikiwa zimechanganywa, uone mkono wake unavyokwenda. Mayai atayaweka mwanzo bila kufikiri, na chura mkubwa atamweka mwisho. Kisha mkono utasita. Zimebaki picha nne: kiluwiluwi mwenye mkia mtupu, kiluwiluwi aliyeota miguu ya nyuma, mwingine mwenye miguu minne na mkia mrefu, na chura mchanga aliyebakiwa na kijimkia kama kishungi. Somo lote limo katika kadi hizo nne, na ndizo zinazoharibiwa kirahisi wakati wa kutengeneza.

Karatasi yenyewe kwa kawaida ni ya A4, ina vyumba sita vilivyozungushiwa mistari ya nukta, na mtoto anatakiwa kukata kufuata nukta hizo. Karatasi tupu haidumu. Baada ya vipindi viwili imekunjamana. Ni afadhali kuigundisha nzima nzima kwenye kadibodi ya boksi kabla ya kukata, kwa uji mzito wa unga wa ngano, kisha kuiacha chini ya vitabu usiku kucha. Ukiiacha wazi ikauke yenyewe, itapinda. Na kwa kuwa mende hupenda gundi ya unga, kadi zikikauka zitiwe kwenye kopo lenye mfuniko.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba karatasi nyingi hutoa jibu zenyewe. Vyumba vimechapwa kwa mpangilio ule ule unaotakiwa, kwa hiyo mtoto anayejikatia amekwisha kuuona kabla hajaombwa kuutafuta. Nyingine zina mishale kati ya picha. Ukikata, nusu ya mshale hubaki kwenye kadi hii na nusu kwenye ile, na watoto wajanja huoanisha mishale bila hata kumtazama chura. Punguza kingo mpaka mishale iishe, na kama watoto ndio waliokata, kila dawati lichanganye kadi zake na kubadilishana na dawati jingine.

Namba pia zisiandikwe mbele. Nyuma ya kadi, kwa mpangilio sahihi, andika herufi moja moja za neno MTUNGI. Kundi likimaliza kupanga, hupindua kadi moja moja pale pale ilipolala. Likisomeka mtungi, wamepata. Likisomeka MTNUGI, wanajua wenyewe kwamba kadi ya tatu na ya nne zimepishana, wala hawamsubiri mwalimu apite na kalamu nyekundu.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni la kupanga kwa ukubwa. Mtoto humweka chura mchanga mwenye kijimkia kabla ya kiluwiluwi aliyenenepa. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu, “Mwalimu, huyu ni mdogo, bado hajakua.” Jibu lake lina mantiki, maana ndivyo anavyoona kwa mbuzi, kuku na mdogo wake nyumbani. Lakini kwa chura kanuni hiyo huvunjika. Kiluwiluwi aliyekomaa mara nyingi ni mrefu kuliko chura mchanga anayetokana naye, kwa sababu katika kugeuka mwili hupungua. Kadi zinapaswa kuonyesha hivyo, na mchoraji aliyekuza kila picha kidogo kuliko iliyotangulia, ili zipendeze, amemfundisha mtoto uongo.

Alama ya kufuata ni miguu. Ya nyuma huonekana kwanza, siku zote, ikianza kama vinundu viwili penye shina la mkia. Ya mbele nayo huwa inakua, ila inakua imejificha chini ya ngozi iliyofunika matamvua, pale kiluwiluwi anapopumulia. Siku inapokamilika hutoboa ngozi hiyo na kutokea ikiwa tayari na vidole vyake. Kwa hiyo picha ya kiluwiluwi mwenye miguu miwili ya mbele peke yake ni picha mbovu, na nimekwisha kuiona kwenye karatasi zilizochapwa kwa rangi nzuri kabisa.

Baada ya miguu ya mbele kutoka, swali huwa moja: mkia umekwenda wapi? Watoto wengi husema umekatika, maana wamemwona mjusi akiuacha wake ukutani. Mkia wa kiluwiluwi haukatiki. Kipindi hicho mnyama haendelei kula. Mdomo wake mdogo uliokuwa ukikwangua ute wa kijani juu ya mawe unabomolewa na kujengwa upya uwe mpana, na utumbo wake mrefu unafupika. Mkia ndio akiba yake. Unamong'onyolewa kutoka ndani na kumlisha mwenyewe mpaka uishe. Ndiyo maana kadi ya nne inatakiwa kuwa na mkia mrefu na ya tano kishungi tu: bila tofauti hiyo mtoto hana cha kusomea.

Kinachoamuru mageuzi haya ni homoni ya tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Mwaka 1912 mtafiti Gudernatsch alichapisha matokeo ya kuwalisha viluwiluwi tezi hiyo ya wanyama wengine, nao wakageuka kabla ya wakati wao, wakawa vyura wadogo mno.

Wanasayansi nao wana kadi zao. Mwaka 1960 Mmarekani Kenneth Gosner aligawa safari hii, kutoka yai hadi chura mchanga, katika hatua 46, na wataalamu wa vyura bado wanazitumia. Hatua hizo hazipimwi kwa urefu wala kwa idadi ya siku, kwa sababu kwenye dimbwi la moto viluwiluwi hukimbia na kwenye maji baridi huchelewa. Hupimwa kwa alama. Vidole vya nyuma vikitengana ni hatua fulani. Miguu ya mbele ikitoka ni hatua ya 42. Kisha huangaliwa pembe ya mdomo, kama bado iko mbele ya pua, imefika chini ya jicho, au imepita nyuma yake. Darasa la tano linaweza kabisa kupewa kadi ya ziada inayoonyesha mdomo tu.

Karatasi hizi nyingi zimechorwa Ulaya na Marekani, zikiwa na mayai yaliyolala kwa mafungu bwawani. Kwetu baadhi ya vyura hutaga kamba ndefu za ute zenye mayai meusi kwenye madimbwi ya mvua, na mwanzo wa masika mtoto anaweza kuzikuta mtaani kwake. Chura wa povu hutaga kwenye tawi lililoinama juu ya maji, ndani ya povu jeupe, na viluwiluwi hudondoka wenyewe majini. Kwake kadi ya kwanza inabidi ichorwe upya.

Kuna mmoja ambaye seti nzima inamkataa. Chura wa Kihansi, kutoka maporomoko ya Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, aligunduliwa mwaka 1996. Hafiki sentimita 3. Maji ya mto yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu aliyoyategemea yalipungua sana; mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na waliofugwa Marekani wakarudishwa kwenye makazi yao kuanzia mwaka 2012. Huyu hatagi. Watoto wake hukulia tumboni mwa mama na kuzaliwa wakiwa vyura kamili, na ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba kiasi cha kuwaonyesha wakiwa bado ndani. Ukitaka kumtengenezea kadi, zinatosha tatu: mama mwenye mimba, kichanga chenye urefu wa milimita chache, na chura mzima.