Taarifa ya malipo ya simu na mvuvi wa delta

Mnunuzi wa kaa anayesubiri mitumbwi Nyamisati, wilayani Kibiti, ana lalamiko moja kuhusu taarifa ambazo kampuni changa za malipo huwatumia waandishi wa habari: hazisemi makato. Redioni husikia kwamba huduma mpya ni nafuu na inapatikana nchi nzima. Anayajua makato anapofika kwa wakala, na mvuvi wake akirudi vijijini katikati ya mikoko, mtandao hupwa na kujaa kama maji ya bahari.

Lalamiko hilo lina uzito, kwa sababu taarifa ya namna hiyo mara nyingi hutoka gazetini karibu kama ilivyoandikwa. Tangu tozo ya miamala ya Julai 2021, iliyopunguzwa kwa asilimia 30 miezi miwili baadaye, watu wanahesabu makato kabla ya kutuma.

Tuseme kampuni imeleta njia ya kuwalipa wavuvi kumi kwa mpigo. Kichwa kilichozoeleka kitatangaza mapinduzi. Aya ya kwanza yenye faida kwa msomaji wa Kibiti ingesema hivi: kuanzia tarehe fulani, mnunuzi anaweza kuwalipa wavuvi kumi kwa simu ya kitochi bila intaneti, na anakatwa shilingi 500 kwa kila mmoja. Akimlipa kila mvuvi 40,000, zinamtoka 405,000. Aya ya pili itaje kile ambacho mvuvi naye hukatwa anapotoa pesa, maana hapo ndipo neno "nafuu" linapopimwa.

Leseni nayo isifichwe. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inataka mtoa huduma awe na leseni, na kampuni changa nyingi hupita mgongoni mwa mwenye nayo. Taarifa iseme fedha zimewekwa wapi, na muamala ukikwama nani anapigiwa.

Takwimu za watumiaji, za kampuni na hata za maofisa, zinahitaji jicho la pili. "Waliosajiliwa" ni hesabu ya laini, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo tatu. Walioitumia huduma ndani ya siku 90 huwa wachache zaidi, na hao ndio soko halisi.

Idadi ya mawakala nayo hupotosha. Kaa wakiwa wengi, wavuvi wote hutaka kutoa pesa siku moja. Wakala anajaa floti, anaishiwa keshi. Huenda huduma mpya ikapunguza msongamano huo iwapo wenye maduka ya vijijini watakubali kulipwa kwa simu, lakini hilo bado halina uhakika.

Mwandishi anayepokea taarifa kama hiyo na aulize kwanza: mvuvi atabaki na shilingi ngapi mkononi, na wakala wa Mbwera, huko deltani, ana keshi ya kumpa?